Picha za Kipimo cha Presha Zimepotea? Jinsi ya Kuandika Upya Namba, Saa na Hali

Kila msimu wa baridi, Juni na Julai, maswali ni yale yale: "Nilikuwa napiga picha kioo cha mashine kila nikimpima mzee, sasa simu imekufa, nifanyeje na kliniki ni Jumatatu?" Mwaka 2025 yalinikuta mwenyewe. Mama yangu anaishi Uyole, Mbeya. Tulikuwa tunampima presha nyumbani asubuhi na jioni na kupiga picha kioo. Simu ikaanguka stendi, kioo kikapasuka, haikuwaka tena. Picha zote zilikuwa humo.

Nitaeleza tulivyoandika upya vile vipimo. Mwongozo huu ni wa mashine ya presha ya kufunga mkanda kwenye mkono wa juu. Wa sukari nimewawekea maelezo mafupi huko mbele. Lengo ni kupata orodha ambayo wewe na mtu wa kliniki mnaweza kuiangalia na kuona mwenendo. Haikusaidii kuamua dawa. Usiongeze, usipunguze wala usiache kidonge kwa sababu ya orodha uliyoiandika mezani kwako.

Uwe na vitu hivi kabla ya kuanza

- Mashine yenyewe, betri zikiwa ndani.
- Daftari lenye mistari na kalamu. Simu itafuata baadaye.
- Simu au saa inayosema kweli, kwa ajili ya kulinganisha.
- Simu za ndugu uliowahi kuwatumia picha hata moja.
- Mgonjwa mwenyewe, au mtu aliyekuwa naye siku hizo. Huyu ni muhimu kuliko mashine, utaona kwa nini.

Usifanye haya matatu kwanza

Usitoe betri. Usirekebishe saa ya mashine, hata kama unaona wazi kwamba imepotea. Usimpime mtu kwanza "kujaribu kama inafanya kazi", kwa sababu kumbukumbu ya mashine ikijaa, kipimo kipya hufuta kile cha zamani kabisa. Pia usishikilie kitufe cha kumbukumbu kwa muda mrefu. Kwenye mashine nyingi kukishikilia, peke yake au pamoja na kitufe kingine, ndiyo amri ya kufuta vyote. Kibonye na kukiachia, kibonye na kukiachia.

Hatua

1. Tafuta picha zilizobaki kwa watu.
Kama simu inawaka na picha zilifutwa tu, fungua Google Photos, nenda `Trash`. Picha iliyokuwa imehifadhiwa mtandaoni hukaa humo siku 60, ambayo haikuhifadhiwa hukaa siku 30. Kama simu imekufa kabisa, waulize ndugu. Mimi nilimkuta mdogo wangu wa Iringa ana picha moja tu niliyomtumia WhatsApp. Moja ilitosha, kama utakavyoona hatua ya 3. Picha ya WhatsApp kwenye Android huwa na jina kama `IMG-20250714-WA0003.jpg`, na zile namba nane ni mwaka, mwezi na siku: 14 Julai 2025. Lakini hiyo ni siku picha ilipotumwa au kupokelewa. Ukipima Jumatatu ukaituma Jumatano, jina litasema Jumatano. Muulize aliyetuma.

2. Nakili kumbukumbu ya mashine kama ilivyo.
Bonya kitufe chenye `M`, `MEM` au alama ya kumbukumbu. Ukiona `A` au `AVG` kwenye kioo, huo ni wastani wa vipimo vya mwisho, si kipimo. Usiuandike kwenye orodha. Bonya tena ndipo vipimo vyenyewe vianze kuja, kwa kawaida kipya kabisa kikiwa cha kwanza.

Kwa kila kipimo andika mambo matano: namba ya kumbukumbu, tarehe na saa *ya mashine*, namba ya juu (`SYS`), namba ya chini (`DIA`), na mapigo ya moyo (`PULSE` au `PUL`). Kama kuna alama ya moyo uliovunjika au mapigo yasiyolingana, iandike pia kwa maneno. Usitafsiri tarehe wala saa kwa sasa, nakili tu. Ni vizuri mmoja asome kwa sauti na mwingine aandike, kisha mbadilishane na kurudia tangu mwanzo. Mimi na dada yangu tulinakili vipimo 26, na raundi ya pili ikatukamatia makosa mawili: tulikuwa tumeandika 5 badala ya 6 sehemu moja, na sehemu nyingine mapigo yamekaa mahali pa namba ya chini.

3. Tafuta mashine imepishana kiasi gani na saa ya kweli.
Hapa ndipo wengi hukata tamaa. Wanaona mashine inasema Januari wakati ni Julai, wanadhani tarehe zote zimekufa. Hazijafa. Ukibadilisha betri bila kuweka saa, mashine nyingi huanza kuhesabu upya kutoka tarehe 1 Januari saa sita usiku. Saa inatembea sawasawa, ila imeanzia mahali pabaya. Tafuta tofauti, halafu iongeze kwenye kila kipimo.

Tulivyofanya sisi: Jumamosi 19 Julai tuliangalia kioo cha mashine kikiwa kimetulia. Kilisema `1/9 10:42`. Simu ya dada ilisema 17:12, yaani saa 11:12 jioni. Angalia kwanza mpangilio: mashine nyingi huweka mwezi mbele, kwa hiyo `1/9` ni tarehe 9 Januari, si tarehe 1 Septemba. Sasa 9 Januari ya mashine ni 19 Julai ya kweli, na 10:42 ni 17:12. Kanuni yetu ikawa: ongeza siku 10, badilisha mwezi uwe Julai, ongeza saa 6 na dakika 30.

Jaribu kanuni kabla ya kuiamini. Picha ya mdogo wangu ilionyesha 146/88, na mazungumzo yetu yalisema nilituma tarehe 14 Julai saa 19:52, muda huo huo nilipompima mama. Kwenye kumbukumbu kulikuwa na 146/88 ya `1/4 13:20`. Ongeza siku 10: 14 Julai. Ongeza saa 6 na nusu: 19:50. Imetofautiana dakika mbili tu, muda wa kupiga picha na kuituma. Hapo tulijua kanuni inashika.

Kuwa makini na vipimo vinavyovuka usiku wa manane. Tulikuwa na cha `1/5 18:15`. Siku 10 inakuwa tarehe 15, saa 6 na nusu inafika 24:45, yaani tayari ni tarehe 16 Julai, dakika 45 baada ya saa sita usiku. Dada alisema haiwezekani, nani anapima presha usiku huo. Mama akacheka: "Ni mimi. Kichwa kiliniuma, nikawasha taa nikajipima." Kipimo kile tungekifuta kama kosa tusingepata alichokuwa anapitia usiku.

Kanuni hii ni ya vipimo vilivyofanyika *baada* ya betri kubadilishwa. Vyetu 6 vilikuwa vya zamani zaidi, vya saa nyingine. Hatukuvilazimisha. Tuliandika "kabla ya 11 Julai, saa haijulikani".

4. Geuza saa ya mashine kuwa saa ya Kiswahili, na uandike zote mbili.
Mama anasema "saa moja", mashine inasema `07:00`, mtu wa kliniki anaandika saba. Kosa la saa sita hugeuza kipimo cha asubuhi kabla ya dawa kuwa cha mchana baada ya dawa, na maana yake yote inageuka. Kwa hiyo andika: saa 1:08 asubuhi (07:08). Saa 1:50 usiku (19:50). Kama mashine yako ni ya `AM` na `PM`, kumbuka kwamba `12:30 AM` ni saa sita na nusu usiku, na `12:30 PM` ni saa sita na nusu mchana. Hapo ndipo watu huteleza zaidi.

5. Kusanya hali kwa kuuliza matukio.
Namba unayo, saa unayo. Mashine haijui kwamba mtu alikuwa ametoka kupanda kilima na ndoo ya maji kichwani. Mgonjwa anajua, ila ukimuuliza "Tarehe 15 asubuhi ulikuwa katika hali gani?" hatakumbuka. Muulize kwa matukio ya siku: siku ile ya mnada, siku ile mgeni alipokuja, kabla au baada ya kukamua ng'ombe.

Na usimpe jibu mdomoni. Nilianza vibaya, nikamwuliza mama, "Ulipumzika kwanza, siyo?" Akaitikia tu. Nilipouliza tena, "Mama, asubuhi ile ulipimia wapi?", akaniambia: "Kitandani, mwanangu. Baridi ilikuwa haisemeki, sikuvua hata sweta. Nilikunja mkono wa sweta mpaka juu." Kumbe ndiyo hiyo. Nguo nene chini ya mkanda, au mkono wa nguo uliokunjwa ukabana juu ya mkanda, huvuruga namba. Baridi nayo hubana mishipa na kupandisha presha. Kwa sisi wa Mbeya, Njombe na Makete, hali hizi mbili hukutana asubuhi moja.

Uliza haya, na yanatosha:
- Alikaa kimya dakika 5 kabla ya kupima, au alikuwa ametoka kwenye kazi?
- Alipimwa amekaa ameegemea, miguu chini bila kukunjana, mkono juu ya meza usawa wa moyo? Au kitandani, mkono ukining'inia?
- Mkono mtupu au juu ya nguo? Kulia au kushoto?
- Kabla au baada ya kidonge cha presha? Kidonge alimeza saa ngapi?
- Ndani ya nusu saa kabla: kahawa, sigara, kazi nzito? Alikuwa amebanwa na mkojo? Alikuwa anaongea?
- Usiku uliotangulia: pombe? Kule Iringa msimu wa ulanzi swali hili usiliruke wala usiliulize kwa kulaumu. Pombe inaweza kushusha presha kwa saa chache na kuipandisha baadaye.
- Dawa nyingine siku hizo? Vidonge vya maumivu kama diklofenaki na ibuprofeni, na baadhi ya dawa za mafua, hupandisha presha.

Asipokumbuka, andika "hakumbuki". Usijaze kwa kukisia.

6. Andika orodha safi, mstari mmoja kwa kipimo, na utaje chanzo.
Chanzo ni herufi moja mwishoni: M kwa namba iliyotoka kwenye mashine, P kwa picha, D kwa daftari la zamani, K kwa kilichotoka kichwani mwa mtu. Herufi hii ndiyo inayomwambia msomaji aegemee wapi. "Nakumbuka ilikuwa mia moja na hamsini kitu juu ya tisini" ni K, na uiandike hivyo hivyo kwa maneno yake. Ukiigeuza kuwa 150/90 umetengeneza kipimo ambacho hakikuwahi kutokea.

Mistari yetu miwili ya 15 Julai, ilipimwa kwa kupishana dakika mbili:

15/7, saa 1:08 asubuhi (07:08), 156/94, mapigo 78, kushoto, kitandani, sweta limekunjwa, baridi, kabla ya kidonge, M
15/7, saa 1:10 asubuhi (07:10), 148/90, mapigo 76, kushoto, hali ile ile, M

Na ya kesho yake:

16/7, saa 1:20 asubuhi (07:20), 144/88, mapigo 74, kushoto, kiti cha jikoni, mkono mtupu, kabla ya kidonge, M
16/7, saa 1:22 asubuhi (07:22), 140/86, mapigo 73, kushoto, hali ile ile, M

Usikadirie. Kama ni 148, usiandike 150.

7. Tafuta mwenendo, ila linganisha vinavyofanana.
Weka asubuhi na asubuhi, jioni na jioni. Kisha toa wastani wa vipimo vilivyopimwa pamoja. Tarehe 15: 156 na 148 jumla 304, nusu yake 152. 94 na 90 jumla 184, nusu 92. Asubuhi ile ni 152/92. Tarehe 16 inakuja 142/87.

Unaweza kusema nini hapo? Kwamba asubuhi ya kitandani na sweta namba zilikuwa juu kuliko asubuhi ya jikoni na mkono mtupu, na kwamba siku zote mbili kipimo cha kwanza kilizidi cha pili, jambo la kawaida. Huwezi kusema sweta ndilo lililosababisha pointi kumi zote, kwa sababu usiku wa kuamkia tarehe 16 mama alilala vibaya na siku mbili ni chache. Huwezi pia kusema presha yake ni nzuri, kwa sababu hata 142/87 iko juu ya kiwango cha 135/85 ambacho kwa kawaida hutumika kwa wastani wa vipimo vya nyumbani. Ndiyo maana siku saba zilizofuata tulimpima upya kwa hali moja: jikoni, mkono mtupu, mara mbili asubuhi kabla ya kidonge na mara mbili jioni. Kliniki tulipeleka orodha zote mbili, ya kale na mpya, kila moja kwenye karatasi yake. Tuliuliza swali moja: "Asubuhi kabla ya kidonge namba ziko juu kuliko jioni, je, hilo lina maana gani kwake?" Swali la namna hiyo daktari analijibu. "Mbona presha yake inapanda na kushuka?" halina pa kushika.

Kwa wa sukari

Hatua ni zile zile, isipokuwa mambo mawili. Kwanza, saa peke yake haitoshi. Andika ni kabla ya kula au saa ngapi baada ya kula, na alikula nini. Ugali na parachichi ni tofauti na chai ya sukari na mandazi. Pili, angalia kizio kwenye kioo: `mmol/L` au `mg/dL`. Moja ya kwanza ni sawa na 18 hivi za pili, kwa hiyo 7.0 na 126 ni kitu kimoja. Mtu akikuandikia 7.2 kwenye karatasi, nukta ikafutika ikasomeka 72, hapo una shida kubwa. Andika kizio kila mstari. Na `HI` au `LO` si maneno ya kupuuza: ni sukari iliyopita uwezo wa mashine kusoma, juu au chini. Ikitokea leo, usisubiri kliniki, nenda kituo cha afya. Kwa `LO`, kama mtu anajitambua na anaweza kumeza, mpe kitu chenye sukari kwanza.

Yakikugomea

*Mashine haionyeshi tarehe, inaonyesha vistari tu.* Saa haijawekwa. Una mfuatano wa vipimo, huna saa. Viandike kwa mpangilio wake, kisha uulize kama kuna kimoja anachokikumbuka kwa tukio. Hicho kitakuonyesha vingine viko kabla au baada yake. Zaidi ya hapo andika "saa haijulikani".

*Namba ya juu ni ndogo kuliko ya chini, au ya chini inafanana mno na mapigo.* Huenda umenakili vibaya. Rudi kwenye kumbukumbu. Kama chanzo ni karatasi ya mtu na mashine haipo, weka alama ya kuuliza pembeni. Usigeuze mwenyewe.

*Kuna kipimo kimoja kiko peke yake, kwa mfano 98/60 katikati ya 140 na zaidi.* Uliza nani mwingine alipimwa. Kwetu mashine ikionekana tu, kila jirani anataka naye apimwe, na hakuna mwenye kukumbuka kubonya kitufe cha mtumiaji wa pili. Tulikuta vitatu vya namna hiyo, vyote vya shangazi aliyekuja Jumapili. Tuliviandika kwenye karatasi yake. Kama hakuna aliyepimwa mwingine, kiache kwenye orodha na ukionyeshe kliniki.

*Unapokuwa kwenye kazi hii, unampima mtu sasa hivi na inatoka 180/120 au zaidi.* Weka daftari chini. Kama ana maumivu ya kifua, anapumua kwa shida, mkono au mguu umelegea, mdomo umepinda, anaongea vibaya, haoni vizuri, kichwa kinamuuma kuliko kawaida au amechanganyikiwa, mpeleke hospitali mara moja. Kama hana dalili yoyote, mkalishe dakika 5, mkono mtupu, pima tena. Ikibaki huko juu, wasiliana na kituo cha afya siku hiyo hiyo.

*Umemaliza kunakili.* Sasa ndipo uweke saa ya mashine sawa. Kisha bandika kipande cha plasta nyuma yake na uandike tarehe uliyoiweka, ili betri zikibadilishwa tena ujue mahali pa kuanzia hesabu.